Mkufu wa Dele

Mzee aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akaitazama kimya kwa muda. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, mkufu wa dele umekwenda wapi?"

Dele lenyewe lilikuwa pale pale barazani, juu ya jiko lake dogo la makaa, na mkufu wake ukining'inia kutoka kwenye kifuniko hadi kwenye mkono wa kushikia. Kwenye karatasi yangu mkufu haukuwepo. Kifuniko kilikuwepo, mkono ulikuwepo, na kati yao palikuwa patupu. Mzee huyu huuza kahawa tungu katika Mji wa Kale wa Mombasa, na alitaka bango la kutundika juu ya baraza yake. Nilikuwa nimelipiga picha dele mbele ya ukuta wake uliopakwa chokaa, nikaenda mezani kwangu, nikalibofya mara moja kwenye programu. Mstari ukalizunguka wenyewe, nikaufuta ukuta na kuweka rangi ya hudhurungi badala yake. Kazi ya sekunde chache. Sikuikagua, na ndipo kosa langu lilipo.

Nilipotazama vizuri niliona kwamba mkufu ulikuwa dogo katika makosa yote. Tundu lililo kati ya mkono na tumbo la dele lilikuwa bado limejaa ukuta mweupe. Na upande wa kulia, chini ya mkono, tumbo la dele lilikuwa limeliwa, kama mkate ulioguguniwa na panya.

Siku hizi kubofya huku kumeenea. Mwenye aifoni anajua kwamba tangu toleo la iOS 16 la mwaka 2022 ukigandisha kidole juu ya mtu au paka kwenye picha, ananyanyuka peke yake na kuacha nyuma kila kilichokuwa kimemzunguka. Programu za kuhariri picha zina kitu hicho hicho, za kulipia na za bure. Ukijua mashine inafanya nini pale unapobofya, utajua pia itakosea wapi, na hutapoteza saa nzima ukibishana nayo.

Chombo cha zamani zaidi katika kazi hii ni kile kinachoitwa `Magic Wand`, ambacho kilikuwemo katika Photoshop tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1990. Hesabu yake ni nyepesi. Picha ya kompyuta ni vinukta vingi sana vya rangi, yaani pikseli, na kila pikseli ina namba tatu, moja ya wekundu, moja ya ukijani na moja ya ubuluu, kila moja kati ya 0 na 255. Ukibofya, chombo kinasoma namba za pikseli uliyoigusa, kisha kinawauliza majirani: nanyi mmekaribia rangi hii? Kiasi cha ukaribu unakiweka mwenyewe kwenye kisanduku cha `Tolerance`, na usipokigusa huwa ni 32. Kwa hiyo ukigusa mahali penye 180, wanakubaliwa wale walio kati ya 148 na 212. Aliyezidi hapo ni mgeni, na mstari unapita kati yake na mwenzake.

Kwa embe bichi juu ya meza nyeupe, hiyo inatosha. Kwa dele la shaba haitoshi hata kidogo. Shaba iliyosuguliwa haionyeshi rangi yake peke yake, inabeba pia rangi za waliosimama mbele yake. Palipopigwa na jua pameng'aa karibu kuwa peupe, palipo na kivuli ni kahawia ya kukaribia weusi, na katikati pana dhahabu. Ukibofya kwenye dhahabu unapata ukanda mmoja tu wa dele. Ukiongeza `Tolerance` ili uuchukue na mng'ao, chombo kinaruka mpaka na kuuchukua ukuta wote wa chokaa, kwa sababu kwa namba zake mng'ao na chokaa ni ndugu wa damu.

Vyombo vipya havifuati rangi peke yake. Nitaeleza kimoja ambacho undani wake umewekwa wazi, na ambacho ndicho kilichomo ndani ya programu niliyoitumia. Kinaitwa SAM, kifupi cha jina ambalo maana yake ni modeli ya kutenga chochote. Kampuni ya Meta iliitoa Aprili 2023. Walioitengeneza waliifundisha kwa picha milioni 11 zilizochorwa maumbo zaidi ya bilioni 1.1 ndani yake. Watu walianza kuchora kwa kusaidiwa na mashine, kisha mashine ikaachiwa ichore yenyewe, hata ikawa zaidi ya asilimia 99 ya maumbo hayo ni kazi yake. Jambo la kushika hapa ni kwamba maumbo hayo hayakuwa na majina. Mashine haikuambiwa hiki ni kikombe na kile ni kiatu. Ilijifunza kitu kimoja tu: vitu huishia wapi. Dele la mzee wangu haikulijua kama dele, wala haikujua kwamba kifuniko cha dele huwa na mkufu.

Kazi yake ina hatua mbili. Ya kwanza ni nzito, nayo hufanyika mara moja kwa kila picha, ndiyo maana unapofungua picha programu hukaa kidogo kabla ya kukuruhusu kubofya. Picha hupunguzwa mpaka upande wake mrefu uwe pikseli 1024, kisha hukatwa vigae vidogo vya pikseli 16 kwa 16, safu 64 kwa safu 64. Kila kigae hulinganishwa na vingine, na mwishowe kinabeba maelezo ya namba kuhusu kilichomo na kinachokizunguka. Hatua ya pili ni nyepesi sana. Unapobofya, pointi yako inapelekwa kwenye maelezo hayo, na mashine inajibu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho: kitu kilichopo hapo ni hiki.

Lakini kubofya ni swali lenye utata. Nilipogusa kifuniko, je, nilitaka kifuniko? Au dele zima? Au dele pamoja na jiko lake? Mashine haiwezi kujua, na wabunifu wake walilijua hilo. Kwa hiyo kwa pointi moja inatoa majibu matatu, na kila jibu inalipa alama kadiri inavyoliamini. Programu nyingi hukuonyesha lile lenye alama kubwa na kuyaficha mengine. Unapoona mashine imechukua kidogo au imezidisha, mara nyingi haijakosea kuona, imekosea kukisia ulichotaka. Hapo usianze kusahihisha kingo. Tafuta kwanza kama programu ina kitufe cha jibu linalofuata. Kama haina, acha kubofya, buruta kisanduku kulizunguka dele kutoka pembe moja hadi nyingine. Kisanduku kinaondoa utata ambao pointi moja haiwezi kuuondoa, kwa sababu kinasema kitu kinaanzia wapi na kuishia wapi. Mimi siku hizi naanza na kisanduku moja kwa moja.

Nilirudi na dele langu mezani, safari hii kwa makini. Jambo la kwanza nililolifanya ni kuweka rangi nyekundu kali chini ya picha iliyokatwa. Hudhurungi ya bango ilikuwa imenificha makosa, kwa kuwa inafanana na kivuli cha shaba. Juu ya nyekundu kila mabaki ya ukuta yanapiga kelele, na kila palipoliwa panaonekana kama jeraha. Kisha nikakuza picha mpaka asilimia 100 na kutembea na ukingo wote, kuanzia ncha ya mdomo wa kumiminia hadi nikarudi pale pale. Jambo la pili, sikufuta chochote tena. Nililitumia umbo lililochaguliwa kama `Layer Mask`, ambalo ni pazia tu juu ya picha: unapopaka nyeusi, picha inafichika, unapopaka nyeupe, inarudi. Ukifuta ukuta na kipande cha dele kikaenda nao, umekipoteza. Ukikificha, unakirudisha kwa brashi.

Tundu la mkono lilikuwa jepesi. Pointi ya kawaida inasema hiki kimo, na karibu kila programu ya aina hii ina pointi ya pili inayosema hiki hakimo, kwa kawaida kwa kubofya huku umeshika kitufe cha `Alt`. Niliweka pointi moja ya hakimo katikati ya tundu, na ukuta ukatoka wote. Ninachoomba ni kwamba usiweke pointi kumi. Kila pointi mpya inalifanya umbo zima lihesabiwe upya, si pale ulipogusa tu. Nimeona mara nyingi mtu anatengeneza mkono, mdomo unaharibika, anatengeneza mdomo, jiko linaingia. Mimi pointi zikifika nne au tano bila umbo kutulia, naacha. Hapo tatizo haliko kwenye pointi.

Mkufu nao ulikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ni hesabu. Picha yangu ilikuwa na upana wa pikseli 4000. Mkufu niliupima: unene wake ulikuwa kama pikseli 9. Mashine ilipoipunguza picha hadi 1024, mkufu ulibaki na pikseli mbili na kitu. Na si hayo tu. Jibu la SAM, yaani ramani ya kimo na hakimo, huchorwa kwanza kwenye gridi ya 256 kwa 256, kisha hutanuliwa hadi ukubwa wa picha. Gawanya 4000 kwa 256 na utaona kwamba kila chumba cha gridi hiyo kinabeba karibu pikseli 16 za picha halisi. Mkufu wa pikseli 9 ni nusu ya chumba na kidogo juu yake. Chumba kilichojaa ukuta karibu nusu nzima, na uzi mwembamba wa shaba ukipita ndani yake, kitahesabiwa kuwa nini? Kilihesabiwa ukuta. Mashine haikuukataa mkufu. Haikuuona.

Hapo hakuna pointi itakayosaidia, hata ukiuweka juu ya mkufu wenyewe. Dawa ni kuipa mashine picha ndogo. Nilikata kipande cha pikseli 1000 kwa 1000 chenye kifuniko, mkufu na sehemu ya juu ya mkono, nikakifungua kama picha ya peke yake, nikabofya upya. Sasa kila chumba cha gridi kilikuwa na pikseli kama 4, na mkufu ukapata vyumba viwili vya kujaza. Ulitokea, pamoja na matundu ya pete kadhaa kubwa kubwa. Nikauchukua uchaguzi wa kipande hicho, nikaurudisha mahali pake juu ya picha kubwa na kuuongeza kwenye pazia. Njia hii ina gharama yake, kwani kwenye kipande kidogo mashine haioni tena dele zima, na ilitaka kuukata mkono pale kipande kilipoishia. Kwa hiyo kwenye kipande chukua kile tu ulichokifuata. Na kama programu yako inaitumia modeli nyingine, namba zitakuwa tofauti, lakini jaribio ni lile lile: kata kipande, bofya tena, na kama kitu chembamba kilichopotea kimerudi, basi kilipotea kwa sababu ya ukubwa.

Tumbo lililoliwa lilinichukua muda kuliko yote, na ndilo lililonifundisha zaidi. Nilijaribu kisanduku, likabaki limeliwa. Nikaweka pointi ya kimo ndani ya pengo, mashine ikajaza pengo na kuchukua na kipande cha ukuta kikubwa kama kiganja. Nikaweka pointi ya hakimo ukutani, pengo likarudi. Nikakata kipande, hali ile ile. Mwishowe nikafanya ambalo ningelifanya mwanzo, nikasoma namba za pikseli. Kwenye tumbo, karibu na ukingo, zilikuwa kama 246. Hatua chache kulia, kwenye chokaa, kama 248. Shaba ilikuwa imeuakisi ukuta ule ule uliosimama kando yake, na mwangaza wa mchana ukamaliza kilichobaki. Ukingo wa dele mahali pale haukuwemo kwenye picha. Sisi tunauona kwa sababu tunajua dele ni la mviringo, na macho yetu yanalimalizia. Tukifunika sehemu nyingine kwa karatasi na kuacha pale tu, hata sisi hatuuoni.

Kwa hiyo hiyo ndiyo dalili. Ukiweka kimo ukapata kingi mno, ukaweka hakimo ukapata kidogo mno, na mstari ukawa unaruka kati ya sehemu mbili kama mtu asiyejua aketi wapi, kuza picha mpaka uone pikseli moja moja. Usipoona ukingo kwa macho yako, usiusubiri kwa mashine. Uchore.

Kuchora ni kwa kalamu, ile ya `Pen Tool` katika Photoshop au `Paths` katika GIMP, ambayo ni ya bure. Unaweka nukta, unavuta vishikio vyake viwili, na mstari unapinda kati ya nukta na nukta. Wanaoanza huweka nukta nyingi, wakidhani ndiyo usahihi, na wanapata ukingo wenye vinundu. Nukta huwekwa pale mpindo unapobadilika: tumbo la dele, kutoka chini ya mkono hadi kitako, lilihitaji tatu tu. Na mstari hupitishwa pikseli moja ndani ya kitu, si juu kabisa ya mpaka, kwa sababu pikseli za mpakani ni mchanganyiko wa shaba na chokaa, na ukizichukua zitaacha utepe mweupe kulizunguka dele lote. Utepe huo ndio unaomfanya mtu aitazame picha na kusema imebandikwa, hata kama hajui kwa nini. Ukiwa umeshatokea, punguza uchaguzi kwa pikseli moja au mbili, basi.

Lakini nukta zangu tatu nilizipitisha wapi, ikiwa ukingo hauonekani? Hapa nilisaidiwa na fundi aliyelifua dele. Dele ni la duara, upande wake wa kushoto na wa kulia ni pacha, na upande wa kushoto, chini ya mdomo wa kumiminia, ulikuwa kwenye kivuli na ukingo wake ulikuwa wazi kabisa. Niliuchora huo, nikaunakili, nikaugeuza kama kwenye kioo, nikausogeza mpaka juu yake ukakutana na shingo na chini yake ukakutana na kitako. Ulikaa. Njia hii inafaa pale tu kamera iliposimama usawa na mbele ya kitu. Ningelikuwa nimeinamisha kamera upande mmoja, pande mbili zisingelingana.

Nakiri kwamba yote haya yangeepukika kwa kitambaa. Ningelitundika kanga ya rangi iliyokolea au hata shuka la kijivu nyuma ya dele, shaba isingeliakisi chokaa, ukingo ungelikuwepo, na mashine ingeliupata kwa mbofyo wa kwanza. Nimeshajua mafundi wanaotumia nusu saa kwa kalamu kusahihisha kosa ambalo dakika mbili za kupanga zingeliondoa. Nami nilikuwa mmoja wao.

Kulikuwa na mvuke pia. Mzee alitaka kahawa ionekane ya moto. Mashine ikikata inajibu ndiyo au siyo, na mvuke si ndiyo wala siyo, kila pikseli yake ina mvuke kidogo na ukuta mwingi. Ukiubofya unapata kitu kama pamba iliyochanwa. Mvuke haukatwi. Nilirudi barazani usiku, nikauliza kama naweza kutundika kitambaa cheusi nyuma ya kikombe, nikaupiga picha mvuke peke yake ukiangazwa na taa kutoka pembeni. Picha hiyo nikaiweka juu ya bango kwa hali ya `Screen`, ambayo kila cheusi hukifanya kisionekane na kila cheupe hukiacha. Kitambaa kikatoweka, mvuke ukabaki, ukipanda juu ya hudhurungi. Kwenye bango la rangi nyeupe ujanja huo usingelifaa, kwani mvuke mweupe juu ya karatasi nyeupe hauonekani.

Kazi nzima ya marekebisho ilinichukua dakika kama 50, na nyingi zilikwenda kwenye tumbo. Nilipompelekea mzee karatasi ya pili aliisogeza tena mlangoni, akautafuta mkufu kwa kidole, akaupata. Akaniambia, "Ee, sasa ni lenyewe," akanimiminia kikombe.

Nawe unayempelekea fundi picha ya bidhaa yako aikate, nakuomba jambo moja. Usiitume kwa Watsapu kama picha ya kawaida. Inapunguzwa ukubwa na kubanwa, na kinachopotea kwanza ni vile vitu vyembamba na kingo hafifu ambavyo mashine inavitafuta. Bonyeza alama ya kuambatisha, chagua `Document`, kisha uitume picha kama faili ili imfikie jinsi ilivyotoka kwenye kamera.